Kware wanataga nusu tu: nianze na taa au na chakula? (Bukavu)

Ndugu wafugaji, naomba ushauri. Kware majike 60 wako kwenye vizimba vya waya, umri miezi minne, ila mayai ni 30 tu kwa siku. Kwa umri huo nilitarajia kama 48. Maganda ni magumu, kwa hiyo sidhani ni chokaa inayokosekana.

Nashuku mambo mawili. Hapa kwetu jua ni saa 12 tu mwaka mzima, na kware anataka mwanga wa saa 14 hadi 16. Taa ya sola ikiwaka mpaka saa nne usiku, saa 16 zinatimia. Pili, nawapa chakula cha kuku wa mayai, chenye protini asilimia 16, wakati wao wanahitaji karibu 20. Kilo moja ya unga wa sambaza wakavu katika kilo kumi za chakula hicho inafikisha hapo, lakini naogopa mayai yatanuka samaki. Nani amechanganya hivyo, wateja wakasemaje?

Hesabu inabana: kila jike anakula gramu 25, wote kilo moja na nusu. Mfuko wa kilo 50 ni dola 35, basi ni dola moja na kidogo kwa siku, yaani senti tatu na nusu kwa kila yai. Yakifika 48 inashuka hadi senti mbili na kidogo.

Madume ya ziada, wenye mishikaki wanayachukua mazima au yaliyochunwa?