Insha ya kulinganisha Rosa Mistika na Peponi kuhusu uhamaji: nipangeje?

Binti wa Nansio
Wakuu, heshima kwenu. Nasoma fasihi mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mwanza. Tumepewa insha ya maneno 1,500: chagua riwaya mbili za zama tofauti, linganisha zinavyouchora uhamaji. Nimechukua Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), maana Namagondo napafahamu, na Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Mpango wangu ni kuanza na Peponi kama uhamaji wa zamani, kisha Rosa kama uhamaji wa kisasa, halafu hitimisho la mabadiliko yaliyotokea katikati. Ninayekaa naye chumba kimoja ameusoma akacheka, eti hiyo ni mihtasari miwili iliyogundishwa. Naombeni ushauri wa kiunzi. Nakabidhi Ijumaa.

Kijana wa Igogo
Mbona mpango uko poa. Peponi itangulie, ni ya enzi za Mjerumani. Yusuf anauzwa utumwani, anaswagwa na msafara mpaka huku ziwani kwetu. Rosa yeye yuko huru, anapanda meli anakwenda shule. Hoja yako imeshapatikana: kutoka utumwa hadi uhuru. Tena Peponi ina misafara ya pembe za ndovu, usiache kuitaja.

Mama Dagaa
Mwanangu, kama unahama hapo chuoni tafuta chumba Nyegezi mapema, muhula ukifunguliwa bei zinapanda. Na uulize habari ya maji kabla hujalipa kodi.

Binti wa Nansio
Ahsante mama, ila sihami, ni insha 😅

Mwalimu wa Zamani
Binti, huyo mwenzako ana macho. Ila kabla ya kiunzi, nyoosha kwanza miaka.

Kila riwaya ina miaka ya aina mbili: ya hadithi na ya kuandikwa. Kwa Rosa miaka hiyo imekaribiana, Kezilahabi anaandika juu ya Ukerewe na Mwanza aliyoiona mwenyewe. Kwa Peponi imeachana mbali. Hadithi inaishia karibu na vita ya 1914, lakini kitabu kilitoka 1994, kwa mkono wa Mzanzibari aliyeondoka kwao akiwa kijana akaishi Uingereza. Kwa hiyo "uhamaji wa zamani" umeandikwa miaka 23 baada ya huo unaouita wa kisasa. Ukianza vile ulivyopanga, swali la kwanza la mhadhiri litakuwa hilo, na hutakuwa na jibu.

Tena tofauti hiyo ina faida. Gurnah anajua vita inakuja, Yusuf hajui. Ndiyo maana mwishoni, Yusuf anapotoka mbio kuwafuata askari wa Mjerumani, msomaji anaogopa kuliko Yusuf mwenyewe. Kezilahabi hana nafasi hiyo. Anaandika katikati ya mambo, miaka minne tu baada ya Azimio la Arusha, wakati msichana kwenda sekondari ni habari njema kwa kila mtu, naye anauliza habari hiyo ni njema kiasi gani.

Ndugu wa Igogo, Yusuf hakuuzwa. Baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, mtoto akawekwa rehani. Safarini anamdhani Aziz ni ndugu, mpaka Khalil wa dukani anapomwambia waziwazi kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Mtumwa katika kitabu ni Mzee Hamdani wa bustanini, aliyepewa uhuru akaukataa. Ukiwaita wote wawili watumwa umefuta jambo ambalo mwandishi amelijenga kwa makusudi. Na ziwa la ule msafara wa kwa sultani Chatu ni Tanganyika, si letu.

Sasa kiunzi. Chukua swali moja linaloviuma vitabu vyote viwili. Mimi ningeuliza: nani anaamua safari, na nani analipa? Kisha usigawe insha kwa vitabu, igawe kwa hatua za safari: kuondoka, ugenini, kurudi. Kila hatua ivikutanishe vyote viwili. Hatua ya kuondoka ingekuwa hivi:

"Yusuf anapandishwa treni bila kuambiwa kwamba yeye ndiye malipo. Rosa anajua anakokwenda, lakini anakwenda akiwa hajafunzwa kuishi na wanaume, kwa kuwa somo pekee alilopewa na baba yake Zakaria ni kipigo kwa sababu ya barua ya Charles. Safari zote mbili zimeamuliwa nyumbani na baba. Mmoja ameitumia safari kulipa deni lake mwenyewe. Mwingine ameacha deni la malezi, na bintiye ndiye anayelilipa Mwanza na baadaye Morogoro."

Ukimaliza aya, chagua kitabu kimoja, futa kila sentensi inayokihusu. Kilichobaki kikisomeka vizuri bila kupungua, basi hukulinganisha, uliweka jirani tu.

Maneno mengi yapeleke kwenye kurudi, hata 500. Yusuf harudi Kawa kuishi, kwao pamefutika. Rosa anarudi, na kurudi ndiko kunakommaliza: mchumba wake Charles anamkataa alipogundua si bikira, naye anajiua. Kisha Kezilahabi anafanya jambo la ajabu, anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu wakashtakiane. Swali la nani analipa linasikilizwa kama kesi! Peponi hakuna hakimu wa namna hiyo, kuna hesabu za tajiri tu.

Msomaji wa Bugando
Naongeza dogo. Ukitaka kujenga hoja juu ya neno au sentensi ya Peponi, ifungue na ile ya Kiingereza. Maneno unayoyanukuu ni ya Hadjivayanis. Matukio hayana shida. Kwa Rosa huna tatizo hilo.

Mvuvi wa Igombe
Sijasoma kitabu hata kimoja, ila huyo Yusuf namjua. Kambi niliyokuwa, mwenye mtumbwi alimpa kijana nauli, unga na koti la mvua, vyote vikaandikwa daftarini. Giza la mwezi likapita bila dagaa wa maana, deni likakua. Akitaka kuhamia kisiwa kingine anaambiwa daftari kwanza. Hakuna aliyemfunga kamba.

Mwalimu wa Zamani
Umeisema rehani vizuri kuliko mimi. Binti, usiitie kwenye insha kama ushahidi, ushahidi wako ni riwaya. Ila isome tena kabla ya kuandika aya ya Yusuf na Khalil wakiwa dukani.

Kijana wa Igogo
Nakubali la rehani. Lakini mwalimu, Rosa ni mhamaji kweli? Mwanafunzi wa bweni anayerudi likizo! Kwa nini asichukue Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini si ndiye anayehama kabisa?

Mwalimu wa Zamani
Hoja hiyo ina uzito, na mtahini anaweza kuwa upande wako. Akibaki na Rosa, lazima utangulizi useme mapema kwamba anahesabu uhamaji wa masomo, na kwa nini. Sentensi mbili zinatosha. Akikaa kimya hapo, insha nzima inaning'inia.

Binti wa Nansio
Nabaki na Rosa. Hoja kuu nimeiandika hivi: "Katika riwaya zote mbili mtoto anasafiri kwa uamuzi wa baba, lakini Kezilahabi anamshtaki baba waziwazi, ilhali Gurnah anamwacha mtoto achague mwenyewe bwana mwingine." Ipo?

Msomaji wa Bugando
Nusu ya kwanza ipo. Hapo "achague" ndipo sikubali. Nyuma yake kuna nyumba ya Aziz na Amina, mke wa Aziz, asiyeweza kumpata, mbele kuna bunduki za Mjerumani. Huko ni kuchagua?

Kijana wa Igogo
Amekimbia kwa miguu yake mwenyewe bwana. Ni kuchagua.

Binti wa Nansio
Basi "achague" naliwekea aya yake, kabla ya hitimisho. Mwalimu, nikiiweka rasimu hapa kesho jioni utaipitia?

Mwalimu wa Zamani
Ilete. Anza na aya ya kurudi, utangulizi uuandike mwisho.