Mavuno ya hatua tatu: mimi napata 20%, mwalimu kaandika 36%, nani kakosea?

Bika_Tupu:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana ripoti inarudishwa kesho kutwa na nimekwama. Tumetengeneza asidi ya benziliki kwa hatua tatu: benzaldehaidi kwenda benzoini kwa thayamini, benzoini kwenda benzili kwa asidi ya nitriki, benzili kwenda asidi ya benziliki kwa KOH. Nilianza na gramu 10.6 za benzaldehaidi nikapata benzoini gramu 6.4. Nikatumia 5.0 tu kwenye hatua ya pili nikapata benzili 4.2, nikatumia 3.0 kwenye hatua ya tatu nikaishia na asidi gramu 2.3.

Hesabu yangu: 10.6 ni moli 0.100, benzaldehaidi mbili zinatoa benzoini moja kwa hiyo mwisho nilitegemea moli 0.050 za asidi, mara 228 ni gramu 11.4. Nikagawanya 2.3 kwa 11.4 nikapata 20%. Mwalimu kakata kwa wino mwekundu kaandika 36% halafu chini yake "na ueleze imepotelea wapi". Sasa hiyo 36 katoa wapi??

Wastani_Tu:
Mbona rahisi mkuu, tafuta asilimia ya kila hatua halafu chukua wastani. Mimi nimepiga nimepata 60, 85 na 71, wastani ni 72%. Mwalimu wako labda kagawanya kwa mbili 😂

Mama_Kondensa:
Wastani_Tu asilimia zako ziko sawa ila wastani hapana. Ukibakiwa na 60 kati ya 100, hatua inayofuata inafanya kazi juu ya hizo 60, sio juu ya 100 tena. Kwa hiyo zinazidishwa: 0.60 mara 0.85 mara 0.71 ni 0.36. Hapo ndipo mwalimu alipoitoa.

Bika_Tupu angalia hatua moja moja. Benzoini ulitegemea moli 0.050 mara 212, yaani 10.6, uzito uleule ulioanza nao kwa sababu molekuli mbili zinaungana tu, hakuna kinachotoka. 6.4 kwa 10.6 ni 60%. Hatua ya pili anza upya na zile 5.0 ulizotumia kweli, sio 6.4: zingetoa benzili 4.95, umepata 4.2, hiyo 85%. Ya tatu gramu 3.0 za benzili zingetoa asidi 3.26, umepata 2.3, hiyo 71%.

Kosa lako ni kwamba gramu 1.4 za benzoini na 1.2 za benzili bado ziko kwenye vichupa vyako, hazikupotea, hukuzitumia tu. Wewe umezihesabu kama hasara ya mmenyuko. Ukitaka kuhakikisha, zidisha 0.36 kwa 5.0/6.4 halafu kwa 3.0/4.2, utaiona 20% yako inarudi vilevile.

Bika_Tupu:
Daaah imerudi kweli!! 0.201. Asante sana mama. Kwa hiyo 20% ni upuuzi nisiiandike kabisa?

Mama_Kondensa:
Sio upuuzi, inajibu swali lingine: benzaldehaidi niliyoimwaga asubuhi ile, ngapi imeishia kwenye kichupa hiki. Mwalimu anataka kujua njia yenyewe ina uwezo gani.

Chujio_Refu:
Kwenye sababu andika tu hasara ya kuhamisha na kuchuja, inabaki kwenye bika, kwenye karatasi ya chujio, kwenye kijiko. Sisi wote tuliandika hivyo tukapita.

Mama_Kondensa:
Chujio_Refu hiyo ni kweli kwa nusu. Hatua ya kwanza zimekosekana gramu 4.2. Hebu pima gramu 4 za benzoini uzimwage mezani uone ule mlima, halafu uniambie zimebaki kwenye kijiko. Kinachoganda kwenye vyombo ni kidogo na unaweza kukipima, karatasi ikikauka ipime halafu toa uzito wake. Bika_Tupu, ulipochuja benzoini yale maji yaliyopita chini yalikuwaje? Na chupa ya benzaldehaidi ilikuwa mpya au ya zamani?

Bika_Tupu:
Maji yalikuwa ya njano na yananukia lozi sana, harufu ilikaa mikononi mpaka jioni. Chupa ni ya zamani, shingoni ilikuwa na unga mweupe umeganda nikaufuta na tishu nikaendelea 😅 Nilitumia thayamini gramu 3.5 na NaOH mililita 10 ya 2 M.

Mama_Kondensa:
Haya, hapo ndipo ripoti yako ilipo. Harufu ya lozi ni benzaldehaidi yenyewe, kwa hiyo sehemu ya zile gramu 4.2 haikumenyuka kabisa. Na ule unga mweupe karibu hakika ni asidi ya benzoiki, benzaldehaidi inaungana na oksijeni ya hewani kila chupa inapofunguliwa. Ya shingoni uliifuta, iliyoyeyuka ndani uliipima kama benzaldehaidi.

Ubaya wake sio huo uzito tu. NaOH yako ni milimoli 20. Thayamini inakuja kama chumvi ya HCl, gramu 3.5 ni milimoli 10 hivi, inakula milimoli 10 za NaOH kabla kazi haijaanza. Sasa tuseme, mfano tu, ndani ya zile 10.6 kulikuwa na gramu 1 ya asidi ya benzoiki, hiyo nayo inakula milimoli 8. Unabakiwa na mbili. Thayamini bila besi haifanyi kitu, inakaa tu humo, na mmenyuko unakwama njiani huku benzaldehaidi nzima bado ipo.

Nyuzi_65:
Naomba nipinge kidogo. Joto lilikuwa ngapi? Thayamini kwenye besi ikipashwa sana inavunjika, na ule unjano ukikolea mara nyingi ni dalili. Sisi tuliambiwa tusivuke nyuzi 65.

Bika_Tupu:
Eeh… maji ya kupashia yalikuwa 80, tulikuwa na haraka.

Mama_Kondensa:
Basi una washukiwa wawili na kwa data hii huwezi kuwatenganisha, zote mbili zinaacha benzaldehaidi nyuma. Ungepima pH baada ya kuchanganya ungejua. Andika zote na useme hivyo.

Kavu_Sana:
Mimi mwaka jana benzili yangu ilitoka 112% nikashangilia 😂 kumbe ilikuwa bado na maji, nikaiacha usiku kucha ikashuka mpaka 88.

Mama_Kondensa:
Kavu_Sana umenikumbusha, hiyo 85% ya Bika_Tupu nami naitilia shaka. Benzili yako iliyeyuka nyuzi ngapi?

Bika_Tupu:
89 mpaka 93. Kwenye karatasi ya maabara wameandika 95.

Mama_Kondensa:
Chini na imetawanyika, kuna kitu humo, maji au benzoini ambayo haikuoksidika. Kwenye zile 1.2 ulizobakiza chukua fuwele chache yeyusha kwenye etanoli, weka tone moja la NaOH. Ikigeuka zambarau kuna benzoini. Ikiwa hivyo 85 yako ni ndogo zaidi, na ile 71 imeonewa, maana sehemu ya gramu 3.0 ulizoweka haikuwa benzili.

Wastani_Tu:
Kwa hiyo 36% ya mwalimu nayo sio sahihi??

Mama_Kondensa:
36 itabadilika kidogo sana, kinachoshuka hatua ya pili kinapanda hatua ya tatu. Piga uone.

Bika_Tupu:
Maabara inafunguliwa kesho saa mbili, naenda na kichupa changu. Nitaleta picha ya rangi.