Mjadala: Bei ya hisa ipimwe kwa faida iliyotangazwa au kwa faida inayotarajiwa?

Mwanahisa wa Nakuru: Nina ripoti mbili za madalali kuhusu hisa ya Safaricom. Ya kwanza inagawa bei kwa faida ya mwaka uliokwisha, ya pili inagawa bei hiyo hiyo kwa faida ya mwaka ujao, na hii ya pili ndiyo inayoifanya hisa ionekane rahisi. Je, makadirio ya wachambuzi yanastahili uzito sawa na hesabu zilizokaguliwa?

Bahari Tulivu: Kwa maoni yangu yanastahili uzito mkubwa zaidi. Anayenunua hisa leo hanunui faida ya mwaka jana, kwa sababu gawio lake limekwisha kulipwa kwa waliokuwapo kwenye daftari. Ananunua miaka iliyo mbele, kwa hiyo bei ya leo inapaswa kulinganishwa na faida ya mbele. Kuhusu makosa ya mchambuzi mmoja mmoja, tukichukua wastani wa wote, aliyezidisha na aliyepunguza watafutana.

Mhakiki wa Vitabu: Hoja ya kwanza ya Bahari Tulivu naikubali, ya pili siikubali. Makosa hufutana pale tu kila mchambuzi anapokosea kwa njia yake. Hawa husoma taarifa zile zile za kampuni, husikiliza mkutano ule ule wa wawekezaji, na hakuna anayependa kuwa peke yake mbali na wenzake. Wakikosea, mara nyingi hukosea wote kwa upande mmoja, na upande huo kwa kawaida ni wa matumaini: makadirio huanza juu mwanzoni mwa mwaka, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kadiri siku ya matokeo inavyokaribia.

Tuichukue Safaricom yenyewe, ambayo mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Machi. Mnamo Agosti 2021 hisa ilikuwa karibu shilingi 44, na faida iliyotangazwa kwa mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi 1.71 kwa kila hisa. Ukigawa unapata karibu 25.7, namba ambayo yeyote mwenye taarifa ile angeifikia. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba mchambuzi alitazama hadi Machi 2023 na kuandika shilingi 2.00. Uwiano ungeshuka hadi 22, na hisa ingeonekana imepata punguzo ilhali bei haikusogea hata senti.

Faida halisi ya mwaka huo ikaja kuwa shilingi 1.55. Leseni ya Ethiopia ilikuwa imepatikana Mei 2021, huduma zilizinduliwa rasmi Oktoba 2022, na gharama za kuanza kule zikaila faida ya Kenya. Kwa bei ile ile ya 44, uwiano wa kweli ulikuwa karibu 28.4. Angalieni jinsi kosa linavyokua: faida ilipungukiwa na asilimia 22.5 ikilinganishwa na kadirio la mfano wangu, lakini uwiano ukapanda kwa asilimia 29, kwa sababu kilichopungua kiko chini ya mstari wa kugawa. Laiti mchambuzi angekosea kwa kiasi hicho hicho upande wa pili, uwiano ungeshuka kwa asilimia 18 tu. Matumaini yaliyozidi humgharimu mnunuzi kuliko tahadhari iliyozidi.

Mzee wa Kariakoo: Mimi ninashikilia hisa za benki moja hapa Dar es Salaam. Dalali aliniambia faida ya mwaka unaofuata itaongezeka, na kweli iliongezeka, lakini gawio likabaki pale pale. Kwa hiyo hata kadirio likitimia, mwanahisa mdogo anafaidika na nini? Naona uwiano huu wote, wa nyuma na wa mbele, ni mapambo.

Mhakiki wa Vitabu: Mzee wangu, heshima yako. Hilo ni swali la sera ya gawio, nalo ni zito, lakini silo lililoulizwa. Benki inaweza kubakiza faida ili kukuza mtaji bila mchambuzi kuwa amekosea kitu.

Bahari Tulivu: Narudi kwenye hoja, kwa sababu naona faida iliyotangazwa inapewa sifa ya uhakika isiyo nayo. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliachia thamani ya birr iamuliwe na soko, na katika wiki chache dola moja ikatoka birr 57 hivi hadi zaidi ya 100. Aliyekuwa akigawa bei kwa faida ya mwaka ulioishia Machi 2024 hakuona chochote. Namba yake ilikaguliwa na kupigwa muhuri, lakini ilieleza hali ambayo haikuwapo tena.

Mhakiki wa Vitabu: Hapo umenishika pazuri, nami nitaongeza jambo linalokusaidia. Katika mwaka huo ulioishia Machi 2024, faida ya kundi zima baada ya kodi ilikuwa karibu shilingi bilioni 42.7, lakini sehemu ya wanahisa wa Safaricom ilikuwa karibu bilioni 63, kwa kuwa wabia wa kampuni ya Ethiopia walibeba sehemu yao ya hasara. Hisa zote ni takriban bilioni 40.07. Ukitumia namba ya pili unapata shilingi 1.57 kwa hisa, ambayo ndiyo sahihi kwa mwanahisa. Ukitumia ya kwanza unapata 1.07 hivi, na hisa inaonekana ghali kwa karibu nusu zaidi. Tena ndani ya hasara ile yamo marekebisho ya mfumuko mkubwa wa bei wa Ethiopia, ambayo hayakutoa fedha yoyote mfukoni. Kwa hiyo hata namba ya nyuma inadai msomaji aangalie mstari upi umetumika.

Tofauti ninayoitetea ni hii: kosa la namba ya nyuma unaweza kulitafuta katika taarifa iliyochapishwa na kulirekebisha jioni hii. Kosa la namba ya mbele hulioni mpaka mwaka uishe. Tena mwongozo ambao Safaricom hutoa ni wa faida ya uendeshaji na wa matumizi ya mtaji, si wa faida kwa hisa. Kati ya hapo na hisa yako kuna riba, mabadiliko ya sarafu, kodi na mgao wa wabia, na kila kimoja mchambuzi hukijaza mwenyewe.

Mwanahisa wa Nakuru: Je, onyo la faida linalotakiwa kisheria halitoshi kutukinga? Nilidhani kampuni ikiona makadirio hayatafikiwa hulazimika kusema.

Karani wa Zamani wa Dalali: La, hailazimiki kwa namna hiyo. Kanuni ya Kenya huidai kampuni iliyoorodheshwa itoe onyo faida inapotarajiwa kuwa chini ya ile ya mwaka uliotangulia kwa angalau asilimia 25. Kipimo ni mwaka uliopita, si matarajio ya wachambuzi. Faida ikipungua kwa asilimia 20 wakati sisi tulikuwa tumeandika ongezeko la 10, hakuna onyo litakalotolewa, ilhali uwiano wetu wa mbele umepotoka vibaya. Nilipokuwa kazini, kitu nilichokiamini kuliko wastani kilikuwa umbali kati ya kadirio la juu kabisa na la chini kabisa, ingawa kwa kampuni nyingi za Nairobi hata hilo halipatikani, kwa kuwa anayezifuatilia ni mchambuzi mmoja au wawili.

Bahari Tulivu: Basi kwa kampuni zenye mchambuzi mmoja nakubali kurudi kwenye faida iliyotangazwa. Kwa Safaricom bado sijashawishika. Mwanzoni mwa 2024 hisa ilikuwa kama shilingi 13, na faida iliyotangazwa mwisho, ile ya 1.55, ilitoa uwiano wa karibu 8.4. Mwaka ulioishia Machi 2025 ulileta 1.74, yaani uwiano ulikuwa 7.5 kwa aliyeweza kuuona mapema.

Mhakiki wa Vitabu: Kwa aliyeweza. Katikati ya mwaka huo birr ilikuwa imeanguka, faida ya nusu mwaka ikashuka, na kadirio lililoandikwa Novemba lisingefanana na la Januari. Nionyeshe kadirio lililoandikwa Januari na kubaki bila kuguswa mpaka Mei, nami nitakubali.