Nisuke 33, 99J au 30? Ngozi yangu ni nyeusi

Mwanaidi_T
Habari wakuu. Wiki ijayo tuna sendofu ya mdogo wangu na nimechoka na nywele nyeusi. Mimi ni mweusi, si maji ya kunde. Macho yangu yako kwenye rangi namba 33, 99J na 30. Kuna mtu kaniambia nitazame mishipa ya mkononi: ikiwa ya kijani nichukue rangi za joto, ikiwa ya bluu za baridi. Yangu hata haionekani. Mnanishauri ipi?

Msusi_Mbagala
Dada, mbona umeacha mambo muhimu? Unasuka rasta au unapaka rangi nywele zako? Zina dawa? Shughuli ni mchana au usiku?

KundeTupu
99J, usihangaike. Mtu mweusi asiguse shaba wala dhahabu, zinamchusha uso.

Mwanaidi_T
Samahani, ni rasta. Shughuli ni usiku, ukumbini. Ila baadaye nataka kupaka zangu, na zina dawa.

Msusi_Mbagala
KundeTupu, nusu ya hilo ni kweli. Wapo wanaochushwa na dhahabu, lakini mimi nasuka weusi tii kwa 350, ile shaba kali, na wanang'aa. Hiyo mishipa achana nayo, kwenye ngozi yetu haisemi kitu. Kwanza angalia ukolezi wa rangi ukilinganisha na uso wako. 33 ni kahawia iliyokolea yenye wekundu, na kwa ngozi nyingi nyeusi inakaribiana mno na uso. Nywele na paji la uso vinaungana, mtu anaonekana amefifia hata kama rangi yenyewe ni nzuri. Bora iwe nyeusi kuliko ngozi yako, au iwe angavu kiasi cha kuonekana wazi.

Nenda dukani bila fondesheni. Shika fungu moja moja kwenye paji la uso na kwenye taya, kwanza kivulini mlangoni, kisha ndani chini ya taa. Usitazame nywele, tazama chini ya macho na pembeni mwa mdomo. Pakizidi kuwa na kivuli, rangi hiyo si yako. Na 99J chini ya taa za ukumbi huonekana nyeusi tu, wekundu wake hutoka juani. Kwa sherehe ya usiku mimi ningejaribu 30.

Mama_Swaumu
Mwanaidi, kwenye hizo za kwako nisikilize. Nilitaka nywele zangu ziwe kama 27, ile ya dhahabu. Saluni moja ikaniwekea dawa asubuhi, mchana wakapaka blichi. Zikatoka rangi ya chungwa. Badala ya kuacha, wakarudia blichi palepale. Ilipooshwa, nikivuta unywele unarefuka kama mpira, haurudi. Kitana kilipopita, fungu zima la utosini likabaki kwenye meno yake. Nilifunga kilemba miezi, na pembeni hazijajaa hadi leo.

Msusi_Mbagala
Pole sana mama. Nywele nyeusi ikipigwa blichi hupita wekundu, kisha chungwa, ndipo njano. 27 inataka ifike njano, shaba inaishia chungwa. Kwa hiyo mwenye nywele za dawa akitaka rangi, shaba huziharibu kidogo kuliko 27. Hata hivyo angoje angalau wiki mbili baada ya dawa, na oksijeni isizidi 20. Anayekuwekea 40 kichwani ili kuwahi, ondoka.

BintiPwani
Mbona mnajitesa? Hina inatoa wekundu bila blichi.

KundeTupu
Juu ya nywele nyeusi hina utaiona juani tu, BintiPwani. Au unazungumzia piko?

BintiPwani
Nimesema hina, majani. Piko nilipakwa mkononi nikavimba malengelenge.

Msusi_Mbagala
Basi wewe usipake kabisa rangi ya kuchanganya na oksijeni, hasa nyeusi. Kemikali iliyomo kwenye piko mara nyingi ndiyo iliyomo humo. Hata asiyewahi kuvimba apake kidogo nyuma ya sikio, angoje saa 48.

KundeTupu
Tumetoka nje ya uzi. Mimi bado nasema 99J. Dada yangu ni mweusi kama Mwanaidi, alisuka 30 akaonekana mgonjwa.

Msusi_Mbagala
Alisuka yote 30, au kuna 1B kwenye mizizi? Rangi angavu ikigusa paji la uso moja kwa moja ni tofauti na ikianzia chini ya sikio.

KundeTupu
Yote. Sikujua kuna za kuchanganya.

Mwanaidi_T
Nimeenda dukani na mdogo wangu. 33 nimeiona mwenyewe, uso umezama. 30 nimeipenda, yeye anang'ang'ania sote tusuke 99J tufanane, na yeye ni maji ya kunde. Gauni langu ni kijani kibichi. Yenye mizizi 1B haikuwepo, muuzaji kasema nichanganye mafungu mwenyewe. Msusi, kwa rasta za kati nichukue mafungu mangapi ya kila rangi?

Mama_Swaumu
Na nyusi je? Akisuka 30 azikoleze kwa nyeusi au kahawia?