Msaada: nachapaje é, ç na « » kwenye kibodi ya Kiingereza? Ni haraka

MkonoMwepesi: Wakuu habari zenu, naombeni msaada nina kazi ya kuchapa ya Kifaransa na kibodi yangu ni hii ya kawaida ya QWERTY haina zile herufi zenye alama juu wala ile c yenye mkia wala zile alama za kunukuu kama mishale miwili. Kazi inatakiwa kesho asubuhi. Njia gani ni nyepesi? Natanguliza shukrani.

Kipepeo77: Hiyo ndogo sana dada. Shikilia Alt andika 130 unapata é, 138 ni è, 133 ni à, 135 ni ç, 174 ni « na 175 ni ». Mimi nimezikariri zote. Na kwenye herufi kubwa usihangaike, Wafaransa hawaweki alama juu ya herufi kubwa.

MkonoMwepesi: Nimejaribu Alt 130 haitoi kitu, kompyuta yangu haina zile namba za upande wa kulia.

Mzee wa Nukta: Haiwezi kutoa, hizo kodi zinataka namba za pembeni, zile za mstari wa juu Windows haizihesabu. Na Kipepeo hapo kwenye herufi kubwa siyo kweli, Académie française yenyewe inasema alama ina thamani kamili hata kwenye herufi kubwa. Chukua kichwa cha habari POLICIER TUE na POLICIER TUÉ, wa kwanza polisi anaua, wa pili polisi kauawa. Dada, swali, sasa hivi é unaipataje? Maana umesema kazi ni ya kesho, nahisi umeshaanza kuchapa.

MkonoMwepesi: Ndiyo nimeanza. Kuna mtu aliniwekea kibodi inaitwa United States-International, nikibonyeza ' halafu e inakuja é, nikibonyeza ' halafu c inakuja ç. Inafanya kazi ila kuna vitu haviko sawa.

Ndizi Mbivu: Hiyo kibodi hapana!! Mimi niliwekewa hiyo hiyo nikawa kila nikiandika ng'ombe inakuja ngómbe, ng'aa inakuja ngáa, barua nzima ya kuomba ruhusa nimeandika ngómbe wamengángánia. Nikadhani kompyuta ina virusi nikaipeleka kwa fundi akaifuta yote. Hivi kumbe ilikuwa ni kibodi tu?

Mzee wa Nukta: Pole sana, ilikuwa ni kibodi tu. Pale ritifaa inakuwa inasubiri herufi inayofuata, ikija irabu inaipanda juu. Ukitaka ritifaa ibaki peke yake unabonyeza ' halafu nafasi, halafu ndio unaandika herufi. Ile nafasi haitokei kwenye maandishi, inaliwa.

Na hapo ndipo Kifaransa kinapoumia kuliko Kiswahili, maana ritifaa kwao iko kila mstari na karibu kila mara inafuatwa na irabu. C'est inakuwa cést, d'une inakuwa dúne, j'ai inakuwa jái, il n'y a inakuwa il ný a. MkonoMwepesi, hivyo vitu visivyo sawa ni vipi? Bandika mistari miwili hapa.

Sauti ya Nyika: Watu mnachukua kazi za lugha msizozijua halafu mnalia usiku. Ungesema mapema kwa mwenye kazi huwezi.

MkonoMwepesi: Sauti mimi nachapa tu kutoka kwenye picha za maandishi yake ya mkono, sijasema natafsiri. Mistari hii hapa:

```
Ïl ný a aujourd'hui quúne d'ecision, celle de l'employé.
C'est lui qui lá demand'ee."
```

Mzee wa Nukta: Mmh. Hapo kuna magonjwa mawili. Ïl, ný, quúne na lá ni kibodi imekula ritifaa na alama ya kunukuu, hilo nalielewa. Lakini d'ecision na demand'ee kibodi haiwezi kufanya hivyo, hayo yamefanywa na mtu. Inatakiwa décision na demandée. Umefanya Replace All?

MkonoMwepesi: …Ndiyo. Mwenye kazi alinirudishia kurasa sita za mwanzo amezisahihisha, nikaona kila penye cést yeye kaweka c'est, penye léntretien kaweka l'entretien. Nikaona nikifanya moja moja kurasa 61 sitamaliza nikabadilisha kuanzia ukurasa wa saba dé yote iwe d'e, lé iwe l'e, cé iwe c'e, né iwe n'e, sé iwe s'e. Nikasevu nikafunga. Mwanzoni ilionekana vizuri kabisa, l'employé ilirudi na c'est ikarudi. Kifaransa sijui, siwezi kuona wapi imeharibika. Ila msiniambie nimrudie mwenye kazi, nilishamwahidi kesho na nilimwambia naijua hii kazi.

Sauti ya Nyika: Si nilisema.

Mpima Chai: Wakuu hii ni chai. Someni vizuri. Anasema kibodi yake ' na e inakuwa é, na hakujua ile mbinu ya nafasi mpaka Mzee kaja kumwambia. Sasa kwenye kisanduku cha Replace aliandikaje d'e? Si ingemjia dé tena? Anabadilisha dé kuwa dé? Uzi umetungwa huu, kesho atasema mwenye kazi kamsamehe na kampa kazi nyingine.

Kipepeo77: Dah Mpima umemkamata hapo. Hata mimi nilishangaa mtu hajui Kifaransa anachapa kurasa 61.

Ndizi Mbivu: Na fundi wangu naye alitunga? Nataka kujua kama nimdai.

MkonoMwepesi: Sijatunga. Nilikopi kwenye zile kurasa sita alizosahihisha, kuna neno d'examen nikachukua d'e nikabandika kwenye Replace, l'e nikatoa kwenye l'entretien, hivyo hivyo mpaka zikaisha. Nyie mnatafuta uongo mimi nina saa chache.

Mzee wa Nukta: Mpima hoja yako ilikuwa nzuri lakini rudi uangalie mistari aliyobandika. Aujourd'hui iko salama, haijaguswa. Kwa nini? Kwa sababu baada ya ritifaa kuna h, na hiyo kibodi haina h ya kuipanda juu kwa hiyo inaiacha. Mtu anayetunga angeharibu na hiyo. Na mwanzoni kuna Ïl, hiyo ni " imepanda juu ya I wakati wa kufungua nukuu, ila nukuu ya kufunga ipo nzima maana ilifuatwa na nafasi. Mimi namwamini.

Haya dada, tulia, inarudishika. Kwanza tengeneza nakala ya faili, kazi ufanye kwenye nakala. Kurasa sita za mwanzo usiziguse kabisa maana pale d'e ni sahihi. Chagua kuanzia ukurasa wa saba mpaka mwisho, rudisha kinyume chake: d'e iwe dé, l'e iwe lé na zile nyingine zote ulizobadilisha. Word ikikuuliza kama iendelee na sehemu iliyobaki mwambie hapana. Kwenye kisanduku andika d, halafu ', halafu nafasi, halafu e. Angalia kwa macho kama kweli imeandika d'e kabla ya kubonyeza. Ukimaliza faili linarudi lilivyokuwa kabla hujaligusa.

Kisha í, á, ó, ú na ý. Hizi Kifaransa hakina, labda kwenye jina la mgeni, kwa hiyo hapa Replace All ni halali: í iwe 'i, ý iwe 'y na kadhalika, na herufi kubwa zake pia. Quúne inarudi qu'une, lá inarudi l'a.

é ndiyo yenye kazi maana é za kweli ni nyingi kuliko za uongo. Weka tiki kwenye Use wildcards, tafuta hivi, bonyeza Find Next moja moja:

```
<[CcDdJjLlMmNnSsTt]é
```

Inakuletea maneno yanayoanza na hizo herufi zikifuatwa na é, na ukimaliza tafuta `[Qq]ué` peke yake. Kila neno angalia picha ya maandishi ya mkono, kama kuna ritifaa pale, irudishe. Na angalia kama alama ya é nayo ipo, maana léntretien ni l'entretien lakini létat ni l'état, vyote viwili vinatakiwa.

Kipepeo77: Si aweke ukaguzi wa tahajia wa Kifaransa tu, mistari myekundu itamwonyesha yote?

Mzee wa Nukta: Mengi itamwonyesha, weka ndiyo. Ila haitaona d'écrire ikiwa imekuwa décrire, wala d'élire ikiwa délire, wala l'égal ikiwa légal, maana yote ni maneno halali ya Kifaransa. D'écrire ni kuandika na décrire ni kuelezea. Mchapaji anabonyeza d, ', e, anaona é imekaa anafurahi, hajui ritifaa imeondoka.

Nukuu nazo, tafuta Ï, Ë, Ä, Ö, Ü na ndogo zake mwanzoni mwa neno. Katikati ya neno ziache, Noël na naïf ni sahihi. Hapo mwanzoni weka « kwa Alt ya kulia pamoja na [, na » kwa Alt ya kulia na ]. Baada ya « na kabla ya » weka nafasi isiyokatika, Ctrl+Shift+Space, la sivyo alama inabaki yenyewe mwanzoni mwa mstari mpya.

Mpima Chai: Sawa Mzee, kwenye h umenishinda. Dada samahani, hiyo ya kukopi ungeisema mapema.

MkonoMwepesi: Asante Mpima yameisha. Mzee nimerudisha, í na ý zimeisha kwa dakika chache. é nimefika ukurasa wa 38. Décrire zipo tatu. Mbili picha inaonyesha ritifaa nimerekebisha. Moja kidole chake kimefunika pale kwenye picha, sentensi ni Elle vient décrire la procédure. Ni ipi?

Kipepeo77: Weka d'écrire, mbili zote si zilikuwa hivyo.

Mzee wa Nukta: Hapana usibahatishe. Ingekuwa chargée décrire ningekwambia d'écrire bila kufikiri, maana chargée inataka de. Lakini vient inakubali zote. Vient décrire, anakuja kuelezea utaratibu. Vient d'écrire, ametoka tu kuuandika. Hata mimi ninayejua lugha siwezi kukuamulia, anajua aliyeandika.

MkonoMwepesi: Kwa hiyo lazima nimuulize.

Sauti ya Nyika: Muulize mama, kuuliza neno moja siyo kukiri umeshindwa.

MkonoMwepesi: Nimemtumia hiyo sentensi moja na picha. Ameona, hajajibu. Naendelea ukurasa wa 39.

Ndizi Mbivu: Mzee na mimi usinisahau, hiyo kibodi naitoaje nirudishe ya zamani?

Mzee wa Nukta: Bonyeza kitufe cha Windows na nafasi pamoja, chagua US tupu. Ng'ombe atarudi.