Naomba ushauri: tofauti ya bei ya mawese inaonyesha faida, lakini siiamini

Habari wakuu. Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha sabuni, na tunatumia gharama sanifu. Mwezi uliopita ofisa manunuzi alileta kilo 20,000 za mawese kwa Sh 3,000 kwa kilo, wakati bei sanifu ni Sh 3,200. Tofauti ya bei ikawa Sh 4,000,000 upande wa faida, na mwenyewe ameshaanza kudai bonasi.

Tatizo lilianzia jikoni, kwenye mapipa ya kuchemshia. Mafuta yalikuwa na maji mengi na mashapo. Sabuni iliyotoka ilistahili kilo 12,000, sisi tumetumia 13,500. Kilo 1,500 za ziada kwa bei sanifu ni hasara ya Sh 4,800,000, na lawama zote zimemwangukia msimamizi wa uzalishaji.

Halafu, kilo 6,500 bado ziko stoo. Kwa hiyo naona faida ya bei iliyokwisha patikana ni ya kilo 13,500 tu, yaani Sh 2,700,000. Ukiiweka kando ya ile hasara, mwezi umetuachia pengo la Sh 2,100,000. Sabuni yote imeuzwa.

Je, ni sahihi kuipunguza thamani ya stoo kwa Sh 1,300,000 zilizobaki, ili isomeke kwa gharama halisi? Na hasara ya matumizi, nyie mngeipeleka kwa manunuzi? Hatukupima unyevu wakati wa kupokea, ndiyo maana nakosa ushahidi.