Kampuni ya udalali imeniita mwongo kwa ushahidi wa kijipicha nisichokiona

MamaCherehani:
Wakuu, nina hasira, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Nilikuwa natafuta fremu ya ushonaji Sinza. Kampuni moja ya udalali ikanitumia bei na rasimu ya mkataba kwa barua pepe. Kabla sijajibu nikapata msiba, nikaenda Songea kumzika baba mdogo. Nikawaandikia kwamba niko msibani, wanivumilie hadi Jumatatu. Wakanijibu kwamba barua yao nimeifungua mara kadhaa, kwamba mfumo wao unaonyesha niko Dar es Salaam, na kwamba hawafanyi biashara na mtu anayesingizia msiba. Fremu wakampa mwingine.

Nilikuwa Songea, nimekaa kwenye mkeka na wafiwa wenzangu! Barua yao niliisoma tu kwenye simu, sikubofya kiungo chochote wala sikupakua kitu. Nani aliwapa ruhusa ya kunihesabia ninavyosoma barua zangu? Na hiyo Dar wameitoa wapi?

Kibarua_wa_Seva:
Pole sana kwa msiba, dada. Fungua ile barua kwenye kompyuta, tafuta sehemu ya kuonyesha chanzo cha ujumbe, halafu utafute neno `img`. Weka hapa unachokiona, ila futa jina lao.

Mhasibu77:
Hiyo ni risiti ya kusomwa. Bosi wetu anaiweka kwenye kila barua. Inatokea kidirisha kinauliza kama utume taarifa kwamba umesoma, mimi nabonyeza hapana, habari inaishia hapo. Utakuwa ulibonyeza ndiyo bila kuangalia, dada.

MamaCherehani:
Sijaulizwa chochote, Mhasibu. Kaka Kibarua, kwenye chanzo picha ziko mbili. Moja ni nembo yao. Nyingine iko chini kabisa, baada ya sahihi:

```
<img src="https://t.kampuni.example/o/7f3ac91e.gif" width="1" height="1" alt="">
```

Kibarua_wa_Seva:
Ndiyo yenyewe. Upana nukta moja, urefu nukta moja, na kwa kawaida huwa haina rangi, kwa hiyo hata ukikodoa macho huioni. Picha yenyewe haimo ndani ya barua. Kilichomo ni anwani ya mahali pa kuichukua, na hayo maandishi `7f3ac91e` ni alama yako peke yako. Mteja mwingine aliyepata barua ileile amepewa alama nyingine.

Ulipofungua barua, programu ya simu yako ilikwenda yenyewe kwenye seva yao kuomba hiyo picha. Seva ikaandika alama iliyoombwa, saa, aina ya programu iliyoomba, na anwani ya IP ombi lilikotoka. Hakuna kirusi hapo na hakuna aliyeingia kwenye simu yako. Simu ndiyo iliyowapigia hodi.

Mhasibu, risiti yako ni kitu kingine. Ile ni mstari wa `Disposition-Notification-To` kwenye vichwa vya barua. Ni ombi, na programu nyingi humuuliza msomaji kwanza, ndiyo maana wewe unaweza kukataa. Kijipicha hakiulizi. Unaweza kubonyeza hapana kwa bosi kila siku huku kijipicha kikimpa saa uliyosoma.

Mhasibu77:
Kwa hiyo miaka yote hii amekuwa anaona?

Kibarua_wa_Seva:
Kama anaweka kijipicha na programu yako inapakua picha zenyewe, ndiyo. Angalia chanzo.

Dogo_wa_Mwenge:
Hamieni Gmail tu. Tangu 2013 Google wanapitisha picha zote kwenye seva zao, mtumaji haoni kitu.

Kibarua_wa_Seva:
Hapo umepatia nusu, dogo. Mtumaji haoni IP yako, anaona ya Google, kwa hiyo hawezi kusema uko Dar wala Songea. Lakini alama `7f3ac91e` inaombwa vilevile, na barua inapofunguliwa mara ya kwanza anajua imefunguliwa na saa ngapi. Ukitaka hata hilo asilijue, ingia kwenye mipangilio ya Gmail uchague kuulizwa kabla ya kuonyesha picha za nje.

Apple walichukua njia nyingine mwaka 2021. Mtu akiiwasha kinga yao, picha zinapakuliwa kwa nyuma kupitia seva za kati, barua isomwe au isisomwe. Mtumaji anaandikiwa imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaigusa. Sasa fikirini mtu anachukua takwimu za namna hiyo na kumwita mwenzake mwongo.

MamaCherehani:
Situmii Gmail, nina anwani ya biashara yangu kwenye ile programu ya barua iliyokuja na simu. Bado hujanijibu la Dar. Mimi nilikuwa Songea!

Kibarua_wa_Seva:
Ulikuwa kwenye bando au waifai ya mtu?

MamaCherehani:
Bando.

Kibarua_wa_Seva:
Basi IP waliyoiona ni ya kampuni ya simu. Data yako haiingii mtandaoni palepale Songea. Inasafirishwa mpaka kwenye mitambo mikuu ya kampuni, na orodha zinazotafsiri IP kuwa mahali mara nyingi huweka wateja wote wa hiyo mitambo kwenye mji mmoja. Kwa Tanzania mji huo kwa kawaida ni Dar. Dalali kasoma ramani ya mitambo akadhani ni ramani yako.

Lakini nikuulize jingine. Barua hiyo ulimpelekea mtu?

MamaCherehani:
Ndiyo, nilimsukumia mshirika wangu aangalie mkataba. Yeye yuko Dar.

Kibarua_wa_Seva:
Mara nyingi kijipicha husafiri pamoja na barua iliyosukumwa. Akifungua yeye, kwao imeandikwa wewe, maana alama ni yako. Mwaka 2006 wapelelezi wa Hewlett-Packard walimtumia mwandishi wa CNET barua yenye kifuatiliaji, wakitaka kujua ataipeleka kwa nani. Kwa hiyo Dar yao inaweza kuwa ya mitambo, inaweza kuwa ya mshirika wako. Kwa haya tuliyonayo siwezi kukuambia ni ipi.

Dogo_wa_Mwenge:
Akizima picha si yameisha?

Kibarua_wa_Seva:
Kwa kijipicha, ndiyo. Picha isipoombwa, hakuna saa, hakuna IP, hakuna hesabu ya kufungua. Thunderbird imezima picha za nje tangu unapoiweka, programu nyingine unazima mwenyewe. Tatizo ni kwamba ukibonyeza onyesha picha ili uone nembo, kwa kawaida zinakuja zote, na kijipicha kimo. Viungo navyo vinabaki na alama zake. Ukibofya kimoja wanajua, picha ziwe zimezimwa au la.

Wakili_Mtarajiwa:
Dada, tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na ipo Tume yake. Waandikie uwadai kumbukumbu zote walizonazo juu yako. Alama iliyofungwa kwenye jina lako ni taarifa binafsi.

Mhasibu77:
Watasema ni takwimu za masoko tu.

Wakili_Mtarajiwa:
Waseme. Wamezitumia kumkatalia mtu fremu, hayo si masoko tena. Ila sijaona shauri la kijipicha likiamuliwa hapa kwetu, siwezi kukuahidi ushindi.

Kibarua_wa_Seva:
Kwenye barua dai saa na IP ya kila ufunguzi. IP za kampuni ya simu zitakuwa zako, kama mshirika wako anatumia intaneti ya ofisini.

MamaCherehani:
Anatumia ya ofisini, kompyuta ya mezani. Nimewaandikia mchana huu, picha nimezizima, na nakala nimeitunza kwa ajili ya Tume. Wakileta kumbukumbu nitazibandika hapa.